Karanga za Jumamosi

Kuku hajui ratiba ya shule. Anataka maji saa nne asubuhi, wakati mwenye kuku yuko darasani akinakili maelezo ya baiolojia, na akiugua Jumanne hasubiri Jumamosi. Mchicha ni mpole zaidi kwa sababu huvunwa baada ya wiki tatu au nne tu, lakini nao unataka maji asubuhi na jioni, na jua la Januari likiwaka hauna simile. Barafu za ukwaju na za ubuyu zinauzika sana, ila zinategemea friza na umeme. Umeme ukikatika usiku mmoja, faida ya wiki inabaki maji ya rangi ndani ya vifuko.

Kijana wa sekondari anayetafuta hela yake ya matumizi ana shida moja ambayo mfanyabiashara mtu mzima hana: kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa muda wake si wake. Biashara inayomfaa ni ile inayokubali kuachwa siku tano bila kuharibika wala kufa. Karanga za kukaanga zinakubali. Kazi yote inafanyika Jumamosi nyumbani, chini ya macho ya mzazi, halafu bidhaa inakaa dukani ikisubiri wateja wakati mwenyewe anasoma.

Tuchukue mwanafunzi wa kidato cha pili, ana miaka 15 na anakaa Mbagala, Dar es Salaam. Umri huo haumweki pabaya. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inaruhusu mtoto kuanzia miaka 14 kufanya kazi nyepesi, yaani kazi isiyodhuru afya wala makuzi yake na isiyomkosesha masomo, na inakataza kumfanyisha kazi mtoto kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Kwa hiyo kuzunguka vituo vya daladala usiku na sinia kichwani hakumo kabisa katika mpango huu. Kuuza darasani nako kuwekwe pembeni mpaka mwalimu mkuu aseme ndiyo, maana shule nyingi hazitaki wanafunzi wageuze madawati kuwa genge.

Kazi inaanzia sokoni, kwa macho na pua kabla ya pesa kutoka mfukoni. Karanga nzuri za kukaanga zina ukubwa unaolingana, kwa sababu ndogo zikichanganywa na kubwa, ndogo zitaungua kabla kubwa hazijaiva. Ganda lake jembamba limeshika vizuri na halijachubuka. Ukizimimina kutoka kiganja kimoja hadi kingine zinagongana kwa mlio mkavu; zenye unyevu mlio wake ni mzito. Harufu yake iwe ya mmea mkavu. Ikinuka kama kabati lililofungwa masika nzima, mnunuzi arudishe mkono wake na kuendelea na safari. Bei nayo ina majira. Katika mikoa ya kati kama Dodoma karanga huvunwa kuanzia karibu Aprili hadi Juni, na baada ya hapo hupatikana kwa wingi; kadiri mavuno yanavyokuwa mbali, ndivyo bei inavyopanda.

Gunia kamili halifai kwa mara ya kwanza, hata kama mjomba ameahidi kukopesha. Karanga ziliwahi kumeza fedha za serikali nzima. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza iliamua kulima karanga Tanganyika, hasa Kongwa, kwa kiwango ambacho hakijawahi kuonekana, ili ipate mafuta ya kula. Matrekta yalipelekwa kabla udongo na mvua ya mahali pale havijajulikana vizuri. Udongo ulipokauka ukawa mgumu kama sakafu ya saruji, mvua haikunyesha ya kutosha, na mradi ukafutwa mwaka 1951 ukiwa umekula takriban pauni milioni 36. Kijana wa Mbagala anaweza kujifunza kwa bei nafuu zaidi. Anunue kilo moja tu, aikaange, apate pakiti 17 hivi, awauzie majirani, na asikilize wanasema nini kuhusu chumvi na kuiva. Kilo moja ikiungua, hasara yake haizidi bei ya viatu vya mtumba.

Kinachofuata ndicho wauzaji wengi hukiruka, nacho ndicho kinachotenganisha karanga ya kuaminika na ya kubahatisha. Ni kuchambua.

Karanga zilizovunwa vibaya au kuhifadhiwa na unyevu hushambuliwa na fangasi, na fangasi hao hutengeneza sumu ambayo Waswahili wa kilimo wanaiita sumukuvu. Ulimwengu uliitambua kwa njia ya ajabu. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa, na uchunguzi ukaonyesha kwamba walilishwa mashudu ya karanga yaliyokuwa na sumu hiyo. Hapa nyumbani, mwaka 2016, watu 20 walikufa katika mikoa ya kati ya Tanzania, ikiwemo Dodoma na Manyara, baada ya kula nafaka yenye sumukuvu. Mara hiyo mkosaji alikuwa mahindi, lakini fangasi ni wale wale na karanga ni miongoni mwa mazao wanayoyapenda zaidi.

Jambo baya ni kwamba moto wa jikoni hauimalizi. Karanga yenye sumukuvu ikikaangwa inakuwa karanga ya kukaanga yenye sumukuvu. Kinga iliyo mikononi mwa kijana ni ungo, mwanga wa jua na saa moja na nusu ya subira. Anamwaga karanga kidogo kidogo kwenye ungo na kutoa kila iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyotobolewa na wadudu, iliyopasuka ganda au yenye vumbi la kijani au la njano. Sumu haijitawanyi sawasawa kwenye gunia. Mara nyingi imejikusanya kwenye punje chache mbovu, ndiyo sababu kuziondoa kunapunguza hatari kwa kiasi kikubwa, ingawa hakuiondoi yote. Zilizotolewa hutupwa. Hazisagwi kuwa siagi ya karanga, hazipelekwi kwenye kashata, na kuku wa nyumbani hawapewi, maana kisa cha bata mzinga kimeshaeleza kitakachotokea. Katika kilo tano, tuseme gramu 250 zitaishia jalalani. Inauma, ila ihesabiwe kama gharama tangu mwanzo.

Baada ya hapo ni chumvi. Anayeyusha chumvi kwenye maji ya uvuguvugu, ananyunyizia karanga huku akizigeuza mpaka zilowe juu juu, halafu anazianika kwenye sinia zikauke kabisa. Zikiingia karaini na maji, zitachemka badala ya kukaangika, na ganda litatoka mabaka.

Karanga zenyewe hukaangwa ndani ya mchanga safi uliochekechwa, kuoshwa na kukaushwa, au ndani ya chumvi laini. Mchanga na chumvi hufanya kazi moja: vinasambaza joto ili kila upande wa punje upate sawa. Mchanga haugharimu kitu, lakini chembe moja ikibaki na kukutana na jino la mteja, mteja huyo harudi tena, na atawasimulia wengine. Chumvi ni salama zaidi kwa meno na hutumika tena na tena hata ikigeuka kijivu. Karai inatosha kilo moja kwa mkupuo. Chumvi ikishapata moto, karanga zinamwagwa na mwiko haupumziki hata kidogo kwa dakika 15 hadi 20, jiko likiwa na mkaa wa wastani. Moto mkali unachoma nje na kuacha ndani pakiwa na ladha ya maharage mabichi.

Namna ya kujua zimeiva huwachanganya wanaoanza. Karanga ikiwa ya moto ni laini hata kama imeiva, kwa hiyo kuitafuna ikitoka karaini hakumwambii mtu chochote. Atoe mbili tatu, azipoze dakika chache, azipasue. Ndani rangi iwe ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, ganda litoke kwa kusuguliwa na vidole, na zikitafunwa zilie. Na kwa kuwa karanga huendelea kuiva kwa joto lake lenyewe baada ya kuepuliwa, ziepuliwe zikiwa zimebakiza kidogo, zichekechwe haraka kutoka kwenye chumvi na kutandazwa kwenye sinia pana. Anayesubiri mpaka ziwe kahawia ndani ya karai atazikuta kahawia nyeusi kwenye sinia, chungu kama dawa.

Kosa kubwa la mwisho ni haraka ya kufunga. Karanga ikifungwa ina joto, mvuke wake unageuka matone ndani ya pakiti, na kufikia Jumatano imelegea. Aziache zipoe mpaka kiganja kisihisi joto lolote, hata kama ni saa mbili nzima. Karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta, na mafuta hayo yakikutana na hewa, mwanga na joto hupata ile harufu ya mafuta ya zamani. Pakiti isiyofungwa vizuri haitavumilia dirisha la duka linalopigwa na jua. Ni busara kupanga kwamba mzigo wote uishe ndani ya wiki mbili.

Vifungashio viwe vya chakula na vyenye alama ya viwango. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tangu 1 Juni 2019, na kijana asije akaanzisha biashara kwa kununua vinailoni vya kichochoroni. Wengi hukunja mdomo wa pakiti juu ya upamba wa msumeno au rula ya chuma na kuupitisha kwenye mwali wa mshumaa. Unafungika barabara baada ya kuharibu vichache vya kujifunzia. Wanaofunga kwa karatasi watumie karatasi safi. Karatasi ya mtihani wa hesabu iliyojaa wino mwekundu inachekesha, lakini wino huo haukutengenezwa kwa ajili ya kuliwa.

Sasa hesabu, kwani hapa ndipo biashara nyingi za wanafunzi hufa bila mwenyewe kujua zimekufa. Bei zilizopo hapa ni za mfano; kila mtu aweke za soko lake.

Tuseme kijana wetu amenunua kilo tano kwa shilingi 4,000 kila kilo, jumla 20,000. Nauli ya kwenda na kurudi sokoni ni 1,400, mkaa 2,000, chumvi 300 na vifungashio 1,800. Mtaji wote ni 25,500. Baada ya kuchambua na baada ya moto kukausha maji yaliyokuwemo, kilo tano zinabaki gramu 4,400 hivi. Akipima gramu 50 kwa kila pakiti anapata pakiti 88. Hauzi mwenyewe, anapeleka kwa Mangi mwenye duka la mtaa kwa mali kauli, yaani duka linapokea mzigo sasa na kulipa ukishauzika. Duka linauza pakiti kwa 500, linabaki na 100, na kumpa yeye 400. Pakiti 88 kwa 400 ni 35,200. Ukitoa mtaji, faida ni 9,700.

Hiyo ni faida ya kwenye karatasi. Nyumbani kuna mdogo wake anayeonja, kuna rafiki aliyechukua kwa ahadi ya kesho, kuna pakiti mbili zilizopasuka na moja aliyopewa shangazi kwa heshima. Pakiti nane zikipotea hivyo, shilingi 3,200 zimeondoka na faida imebaki 6,500.

Halafu kuna ukarimu wa mkono. Tuseme hakupima, alichota kwa kijiko na kila pakiti ikaingia gramu 60 badala ya 50. Kwa macho tofauti haionekani, ni punje chache tu. Lakini sasa gramu 4,400 zinatoa pakiti 73. Zikipotea nane zile zile zinabaki 65, ambazo kwa 400 ni shilingi 26,000. Ukitoa mtaji wa 25,500, kazi ya Jumamosi nzima imezaa shilingi 500. Jero. Gramu kumi zimemeza shilingi 6,000, na yeye anadhani karanga hazilipi.

Dawa yake haihitaji mizani ya kununua. Anakwenda dukani mara moja tu, anapimiwa nusu kilo ya karanga zake zilizokaangwa, kisha anatafuta kikopo kidogo, kwa mfano kikombe cha kahawa, ambacho nusu kilo hiyo itakijaza mara kumi kamili. Kikizidi, anachora mstari kwa kalamu ya wino mzito na kurudia mpaka hesabu ikubali. Kuanzia hapo kikopo hicho ndicho mizani, na hakuna kuongeza "kidogo ya juu".

Mali kauli nayo ina mitego yake. Muuza duka si lazima awe mjanja. Pengine amesahau tu, au mtoto wake amekula mbili. Kijana aanze kwa kuacha pakiti 20 dukani, aandike tarehe na idadi kwenye daftari mbele ya mwenye duka, na arudi siku zile zile, tuseme Jumatano jioni na Jumamosi, kuhesabu zilizobaki. Pakiti zilizobaki pamoja na pesa alizopewa zikitimiza idadi aliyoacha, wote wawili wanalala salama. Mzigo mpya usiwekwe kabla wa zamani haujalipwa. Maduka matatu yaliyo njiani kutoka shule yanatosha kumaliza pakiti 88 kwa wiki mbili, na duka ambalo pakiti tano hazitoki kwa wiki nzima liachwe bila ugomvi.

Daftari liwe na mtaji na faida katika kurasa tofauti, na kibubu viwe viwili. Shilingi 25,500 zikirudi zinaingia kibubu cha kwanza na hazitoki ila kwenda sokoni. Matumizi ya kijana yanatoka cha pili tu. Wengi huanguka hapa: pesa ya mauzo huonekana nyingi Jumamosi jioni, viatu vinanunuliwa, na Jumamosi inayofuata hakuna ya kununulia karanga.

Kuna njia moja ya kuongeza kipato bila kuongeza safari ya sokoni, nayo ni kashata. Wakati wa kukaanga na kuchekecha, punje nyingi nzima na salama hupasuka vipande viwili na hazipendezi ndani ya pakiti. Hizo si mbovu. Zinatiwa kwenye sukari iliyoyeyushwa ikawa kahawia, pamoja na iliki kidogo, zinatandazwa kwenye ubao uliopakwa mafuta na kukatwa zingali na joto, kwa sababu zikipoa kisu kinazivunja ovyo. Sukari iliyoyeyuka ina moto kuliko maji yanayochemka na inang'ang'ania ngozi, kwa hiyo hapa mtu mzima asimame jikoni. Kashata hufyonza unyevu haraka, hasa Pwani, na siku ya mvua hunata mikononi. Zitengenezwe chache, ziuzwe siku hiyo na ya pili yake.

Hesabu ya saa nayo isisahaulike. Kuchambua kilo tano ni saa moja na nusu, kukaanga mikupuo mitano ni kama saa mbili, kufunga ni saa moja na nusu nyingine. Jumla ni saa tano za kazi kwa shilingi 6,500, mara mbili kwa mwezi. Haitamjengea mtu nyumba. Inatosha madaftari, vocha, chipsi za Ijumaa na akiba kidogo. Akitaka kufika supamaketi, mambo yanabadilika kabisa: bidhaa itahitaji kukaguliwa na Shirika la Viwango Tanzania, jengo la kufanyia kazi na lebo kamili, na hiyo si kazi ya mwanafunzi wa kidato cha pili.

Mtihani wa taifa wa kidato cha pili kwa kawaida hufika kuelekea mwisho wa mwaka. Kijana akiamua kufunga jiko mwanzoni mwa Oktoba, hakuna mche utakaokauka wala kifaranga atakayekufa. Anakusanya pakiti zilizobaki madukani, anaosha karai, na shilingi 25,500 zinamsubiri kwenye kibubu cha kwanza mpaka Desemba.